Ujumbe Mmoja kwa Siku: Mwongozo kwa Aliyebaki Nyumbani Mwenzake Akiwa Ghuba

Mke akienda Maskati kufanya kazi za ndani, mara nyingi mkataba huwa wa miaka miwili. Miezi ya mwanzo simu hailali. Ukiingia mwezi wa tano au wa sita, mazungumzo huanza kufanana: umeamkaje, salama, watoto wazima, umekula, nimekula, haya usiku mwema. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na kila siku mmesalimiana, lakini mkiulizana siku moja jana mlizungumza nini, hakuna anayekumbuka.

Mwongozo huu ni kwa mume aliyebaki Tanga, Unguja au Mombasa. Unamfaa vilevile mke ambaye mumewe ni mlinzi Doha au fundi Dubai. Nimemchagua aliyebaki kwa sababu moja: simu iko mkononi mwake muda wote. Aliye kwenye nyumba ya watu huishika usiku akiwa hoi, na katika nyumba nyingine hupewa kwa saa maalumu tu. Kwa hiyo mzigo wa kuanzisha mazungumzo hauwezi kugawanywa nusu kwa nusu. Wewe uliye nyumbani utabeba zaidi, na ni haki ubebe zaidi.

Kwa nini ujumbe mdogo unashinda simu ndefu ya Ijumaa

Mtafiti wa ndoa wa Marekani, John Gottman, aliwachunguza maharusi kisha akawafuatilia miaka sita baadaye. Alichokitazama ni mambo madogo kabisa. Mmoja akisema "tazama ndege yule," mwenzake aligeuka kutazama, au aliendelea na gazeti lake? Waliokuwa bado pamoja baada ya miaka sita walikuwa wameitikia miito midogo kama hiyo takriban mara 86 katika kila 100. Walioachana walikuwa wameitikia takriban mara 33.

Mkiishi pamoja, miito hiyo hutokea yenyewe. Chumvi imezidi, mtoto amevua viatu na kuvisahau msikitini, jirani ameleta mbaazi. Mmoja akiwa Maskati, yote hayo hukosa mtu wa kuambiwa, na baada ya muda mnaacha hata kuyaona kama ya kuambiana. Mnangojea habari kubwa, na habari kubwa ni chache, na nyingi ni za ugonjwa au ada. Kazi ya ujumbe wa kila siku ni kurudisha ile miito midogo, na kumpa mwenzako nafasi ya kuitikia.

Hatua ya kwanza: pateni saa zenu

Kabla ya kufikiria maneno, fahamu siku ya mwenzako inavyokwenda. Oman na Falme za Kiarabu wako saa moja mbele ya Afrika Mashariki. Saudia, Qatar na Kuwait saa zao ni sawa na zetu.

1. Muulize anaamka saa ngapi, wenye nyumba wanalala mchana saa ngapi, na simu anaishika lini.
2. Andika saa zake, kisha pembeni andika saa zako. Kwa mfano, familia ya Maskati ikila chakula cha mchana na kupumzika kuanzia saa tisa alasiri, kwako ni saa nane. Akimaliza vyombo saa nne usiku, kwako ni saa tatu.
3. Chagueni nafasi mbili tu. Moja ni ya ujumbe wako kumkuta akishika simu, nyingine ni ya yeye kujibu.
4. Ukituma nje ya nafasi hizo, tuma ukijua hutajibiwa mpaka usiku, na usihesabu saa.

Ramadhani ibadilisheni ratiba hii mapema. Kuanzia alasiri jiko linawaka kwa ajili ya futari, wageni hukaa mpaka baada ya tarawehe, kisha kuna daku. Ile nafasi ya mchana huwa ndiyo saa pekee anayopata usingizi. Mwezi huo mwachie ujumbe wa sauti mfupi atakaousikiliza muda wowote, na usimdai jibu la siku ileile.

Jambo jingine la kujua ni kwamba Oman na Falme za Kiarabu, simu za WhatsApp za sauti na za video kwa kawaida hazipiti, kwa sababu mawasiliano ya namna hiyo yanahitaji kibali cha nchi. Maandishi, picha na ujumbe wa sauti hupita vizuri. Wengi hushauriana kutumia VPN. Usimshawishi mwenzako kufanya hivyo bila kujua sheria ya pale alipo. Sheria ya makosa ya mtandao ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamtoza anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa faini ya kuanzia dirham 500,000 hadi 2,000,000. Muulize ni programu gani ya simu iliyoruhusiwa huko, mtumie hiyo kwa mazungumzo marefu, na ya kila siku yabaki kwenye ujumbe.

Hatua ya pili: ujumbe uwe na kitu na uwe na mlango

Ujumbe unaoishi una mambo mawili. Una kitu kimoja kinachoonekana au kusikika, kilichotokea leo na si siku nyingine. Na una mlango, yaani mahali ambapo mwenzako anaweza kuingia na neno lake, lake yeye hasa.

Chukua mfano wa mume mwendesha bodaboda Tanga, mke yuko Maskati, watoto wawili wako kwa baba. Mazungumzo yao ya mwezi wa sita yalikuwa hivi:

*Mambo.*
*Poa, umeamkaje.*
*Salama. Watoto?*
*Wazima. Umekula?*
*Ndiyo. Haya, usiku mwema.*

Hapo hakuna kitu wala mlango. Kila swali lina jibu moja tu linalojulikana kabla halijaulizwa. Sasa tazama mume yuleyule akiandika saa nane mchana, amekaa kijiweni anangoja abiria:

*Mke wangu, machungwa ya Muheza yameanza kushuka sokoni. Nimenunua fungu la elfu moja. Mdogo amekula mawili, ganda la chungwa la tatu amelivaa kichwani anasema ni kofia ya babu. Huu ucheshi ametoa kwako au kwa dada yangu?*

Usiku mke anasikiliza nyumba imelala, anajibu kwa sauti ya chini, sekunde kama ishirini: *Kwangu ametoa wapi, mimi mtu mzito. Huyo ni shangazi mtu kabisa. Mwambie hiyo kofia aniwekee. Hapa machungwa yapo ya kila nchi, lakini hayana harufu. Baba watoto, hata ukimenya mikono hainukii.*

Ona kilichotokea. Mke ameingia kwa mlango wa swali, kisha akaleta kitu chake mwenyewe, machungwa yasiyo na harufu. Kesho mume ana pa kuanzia, na hatahitaji "mambo". Anaweza kumtumia picha ya ganda lililokauka dirishani, au kumuuliza ni kitu gani kingine huko hakina harufu. Uzi umeshikana wenyewe.

Swali zuri la mlango humhitaji yeye na si mwingine. "Umekula?" angeweza kuulizwa na yeyote. "Hiyo biriani yao wanaweka ndimu kavu, wewe umeionaje?" lina mtu ndani yake. Na mlango si lazima uwe swali. "Nimeshindwa kusuka nywele za mkubwa, ameniambia baba unavuta" ni mlango mkubwa kuliko maswali kumi, kwani mama yeyote atakuwa na la kusema hapo.

> Kisanduku: ukikosa la kuandika
> Usikae ukitafuta maneno. Toka nje, tazama kimoja kati ya hivi, kisha andika ulichokiona kama kilivyo:
> – kilichobadilika nyumbani leo: mti, paa, paka, jirani mpya, bei ya dagaa;
> – neno alilosema mtoto, kwa matamshi yake yaleyale;
> – mahali mlipowahi kupita pamoja, ukipita tena;
> – kitu ulichokijaribu ukashindwa, ambacho yeye anakiweza.

Hatua ya tatu: hela ikae mahali pake

Hapa ndipo mapenzi mengi ya Ghuba hupoteza joto, na wengi hawajui kwamba ni hapa. Ujumbe wa nyumbani huanza na salamu, kisha "halafu ile ada," kisha "mafundi wa bati wanasubiri." Baada ya miezi michache, simu ikilia tu aliye mbali anahisi bili kabla hajafungua. Hata ukimwandikia neno tamu, analisoma akingoja mwisho wake. Kwa upande wako wewe unayebaki, unaanza kuona haya kuandika kabisa, usije ukaonekana unataka kitu.

Tenganisheni hivi:

1. Fungua kundi la WhatsApp lenye watu wawili tu, wewe na yeye. Liite "Matumizi ya nyumbani".
2. Kila la hela liandikwe humo: ada, kodi, dawa, risiti, picha ya bati lililonunuliwa. Mwenzako alizime mlio.
3. Wekeni siku moja ya kulifungua pamoja, baada ya mshahara wake kuingia. Siku hiyo jadilini mpaka mwisho.
4. Kwenye mazungumzo yenu ya kawaida, hela isitajwe, ila kwa dharura ya hospitali.
5. Akituma, shukuru kwenye kundi la matumizi, halafu siku nyingine mwonyeshe kwenye mazungumzo yenu ni nini kimetokana nayo. Sauti ya mtoto akisoma kitabu kipya ni ujumbe wa mapenzi kamili.

Wiki ya kwanza mtaona kama kuna ukimya, kwa sababu mtagundua ni kiasi gani cha maneno yenu kilikuwa bili. Usiogope ukimya huo, jaza kwa hatua ya pili.

Hatua ya nne: sauti na mahaba

Maandishi hubeba habari, lakini mtu hukumbukwa kwa sauti. Angalau mara mbili kwa wiki badala ya kuandika, rekodi. Iwe chini ya dakika moja. Ujumbe wa dakika sita husubiri mtu apate nafasi, na mwenye kazi za ndani hana dakika sita. Ujumbe wa sauti hautumii data nyingi ukilinganisha na video, na una sifa nyingine: hurudiwa. Acha sauti za nyuma zisikike pia, adhana, mvua juu ya bati, mwenye kuuza kahawa akigonga vikombe. Usitafute chumba cha kimya, kwa sababu yeye hizo sauti ndizo anazozikosa.

Neno la mahaba liwepo, na lisiahirishwe mpaka arudi. Watu wa pwani tuna utajiri hapa ambao hauhitaji picha ya utupu. Mke aliye Tanga anaweza kujifunga kanga mpya na kutuma picha ya jina lake peke yake, akamwacha mumewe Doha akiwaza usiku kucha. Mume anaweza kuandika: *Nimepita Ngamiani jioni, mtu kafukiza udi. Nilisimamisha pikipiki. Unajua niliwaza usiku gani, usinijibu.* Lililofichwa nusu huchoma zaidi ya lililosemwa lote.

> Onyo: picha za faragha
> Usitume wala usiombe picha ya utupu. Nchi za Ghuba zinaadhibu picha za aina hiyo, na mfanyakazi hana faragha ya kutosha: simu inaweza kushikwa na mwajiri, chumba kinaweza kuwa cha watu wanne, nyumba inaweza kuwa na kamera. Picha ya kuonekana mara moja nayo si salama, kwani simu nyingine huweza kuipiga picha kwenye kioo. Mwenye kukupenda akikataa kutuma, ana akili, usimnunie.

Hatua ya tano: kusoma kimya

Siku moja hatajibu. Kabla ya moyo kwenda mbio, soma tiki. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika: simu imezimwa, haina chaji au haina mtandao. Mbili za kijivu, umefika na haujafunguliwa, au mwenzako amezima kipengele cha kuonyesha amesoma. Mbili za bluu, ameufungua. Kusoma bila kujibu kwa mtu aliyesimama tangu alfajiri mara nyingi ni usingizi, simu ikiwa kifuani.

Kimya cha kazi huwa na ratiba yake: wageni, sikukuu, safari ya familia. Kwa hiyo mwombe mwenzako akipata fununu ya wiki nzito akutumie neno moja, hata "wageni", nawe utaelewa. Kimya cha hasira huonekana kwa majibu mafupi kabla yake. Hicho usikishindilie ujumbe kumi. Tuma mmoja: "Naona kuna jambo. Sina haraka, usiku ukipata nafasi niambie kwa sauti." Kisha subiri.

Kimya cha tatu ni cha hatari, na hiki nakiweka hapa kwa sababu mtu wa kwanza kukigundua ni yule anayeandikiana naye kila siku. Kabla hajaondoka, au sasa kama ameshaondoka, fanyeni haya:

☐ Kubalianeni neno moja la kawaida lenye maana ya "nina shida, siwezi kuandika". Liwe jina la chakula au la jirani, lisimshtue anayechungulia.
☐ Weka nyumbani nakala ya pasipoti, viza na mkataba wake.
☐ Andika kwenye karatasi, mbali na simu, namba ya wakala aliyempeleka, jina la mwajiri na mtaa anapoishi.
☐ Weka namba ya ubalozi. Tanzania ina ubalozi Maskati, na chombo cha serikali cha huduma za ajira, TaESA, ndicho kinachoshughulika na ajira za nje kwa upande wa Bara.

Tiki ikibaki moja kwa siku mbili bila sababu mliyoijua, mpigie wakala. Siku ya tatu, ubalozi. Usianze kwa kutangaza mtandaoni. Anaweza kuwa hospitali au safarini na familia, na tangazo likimfikia mwajiri kwanza linaweza kumharibia.

Makosa yanayorudiwa

*Kutupiana vijembe kwenye stetasi.* Umeudhika, badala ya kumwambia unaweka maneno ya mafumbo watu mia wayasome. Yeye atayaona, shangazi yake atayaona, na ugomvi wa wawili utakuwa wa ukoo. Stetasi iwe ya salamu za Idi.

*Kumlinda mwenzako kwa "alionekana mwisho saa ngapi".* Ukianza kuuliza "mbona ulikuwa hewani saa saba usiku na hukunijibu," utamfundisha kujificha. Huenda alikuwa anamsikiliza mama yake. Zimeni wote wawili kipengele hicho.

*Kumwachia habari nzito usiku.* Msiba usifichwe, lakini ugomvi na mama mkwe unaweza kungoja siku yake ya kupumzika kama anayo. Akienda kulala nao, kesho anakwenda nao kazini, na hana wa kumwambia.

*Kufanya kila ujumbe uwe wa furaha.* Ukimwonyesha nyumba isiyo na shida yoyote, naye ataficha zake, na mtabaki mnapendana na picha.

Miezi miwili ya mwisho

Tarehe ya kurudi ikikaribia, watu huandika "siku 40 zimebaki" na mioyo mingi. Ni vizuri, lakini ujumbe wa miezi hiyo una kazi nyingine. Laura Stafford na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2006 uliofanywa kwa wapenzi waliokuwa wakiishi mbalimbali wakiwa masomoni, waliona kwamba kati ya waliorudi kuishi karibu, takriban theluthi moja waliachana ndani ya miezi mitatu. Hao hawakuwa wanandoa wenye watoto, lakini sababu zao zinafahamika kwetu: kila mmoja alikuwa amezoea uhuru wake, na mwenzake hakuwa yule aliyemwaza.

Kwa hiyo wiki za mwisho, tumia ujumbe wa kila siku kumwambia kilichobadilika, kimoja kwa siku. Mkubwa sasa analala peke yake na hataki kushikwa nywele. Sufuria kubwa haiko, aliazimwa mtu wa msibani. Mimi siku hizi naamka kabla ya adhana, chai nachemsha mwenyewe. Naye akuambie yake: hawezi tena kula usiku sana, anapenda kukaa kimya saa ya kwanza asubuhi, amezoea kuwa na pesa yake mkononi. Hilo la mwisho lihamishieni kwenye kundi la matumizi mlijadili kabla ndege haijaondoka Maskati, kwa sababu likifika uwanjani bila kujadiliwa litakaa nanyi kwenye teksi.

Wiki ya mwisho kabisa, muulize jambo moja na ulitekeleze: siku ya kwanza anataka kukuta watu au anataka kukuta nyumba. Ndugu watataka kuja wote. Akisema anataka kulala kwanza, wewe ndiye wa kuwaambia waje Jumapili.